Mwenye Kisukari na Sigareti Yake

Wasomaji wenzangu, ninyi mlio shuleni na ninyi mliokwisha maliza, yako maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi Jinja na Mbale, nami nataka kuyajibu. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari akishauriwa na daktari huacha soda, hupunguza posho na matoke, na chai hunywa bila sukari. Lakini sigareti haachi. Ukimwuliza kwa nini, hujibu: "Sigareti haina sukari." Ni kweli, moshi hauna sukari. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba mwenye kisukari hana budi kuihesabu sigareti pamoja na chakula na dawa, wala asiiweke kando kama jambo la mapafu peke yake.

Kwanza tuitazame damu. Sukari iliyomo ndani yake haitoki katika chakula tu. Ini nalo lina akiba ya sukari, na hutoa kidogo kidogo mwili unapoihitaji. Insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, huifungulia sukari hiyo mlango iingie katika misuli. Sasa nikotini ya tumbaku huushtua mwili kana kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio, na ini hutoa akiba yake. Wakati uo huo misuli huwa mizito kuitii insulini. Kwa hiyo sukari huongezwa upande mmoja na mlango hufungwa upande wa pili. Anayejidunga insulini ana taabu zaidi, kwa sababu mishipa ya ngozi husinyaa kwa nikotini, na dawa huchelewa kuingia katika damu. Ndivyo inavyokuwa mtu ale kwa uangalifu, ameze vidonge vyake vyote, na kipimo bado kikatae kushuka.

Pili tuitazame mishipa midogo ya damu, ile iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari nyingi huiharibu kuta zake pole pole. Moshi nao huiharibu mishipa ile ile kwa njia nyingine: nikotini huibana, na hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi hung'ang'ania damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Basi damu inayopita ni kidogo, na hiyo kidogo imebeba oksijeni pungufu. Na ni viungo gani vinavyotegemea zaidi mishipa hii midogo? Ni mishipa ya fahamu, macho, na figo. Sukari na moshi ni wezi wawili wanaoingia nyumba moja.

Nitatoa mfano wa mjomba wangu. Miaka mingi alifanya kazi ya ufundi Jinja, mji uliokuwa na kiwanda cha sigareti tangu siku za ukoloni, na humo alizoea kuvuta sigareti kumi kwa siku. Alipostaafu alirudi Mbale kwenye shamba lake la kahawa, akiwa na kisukari cha miaka tisa. Mwaka 2021 alitembea shambani tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na ndani ya buti mlikuwa na jiwe dogo. Hakulisikia. Alipovua soksi jioni ndipo alipoona damu.

Daktari hakuanza na kidonda. Alichukua uzi wa nailoni, akaugusisha penye nyayo mpaka ukapinda, huku mjomba amefumba macho. Mtu mzima wa afya huusikia uzi huo kila mahali. Mjomba aliusikia mahali pachache sana. Hiyo ndiyo dalili kwamba mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Kisha daktari akatafuta kwa vidole pigo la damu juu ya mguu, akalikuta dhaifu. Mambo haya mawili yakikutana ni hatari kubwa: ganzi humfanya mtu asijue kwamba ameumia, na upungufu wa damu hufanya jeraha lisipone. Kwa njia hiyo jiwe dogo huweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mguu. Kidonda cha mjomba kilipona, lakini kwa miezi minne.

Mkojo wake ulipimwa pia, ukaonekana na protini. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kazi yake mojawapo ni kuizuia protini isitoke. Protini ikionekana, vichujio vimeanza kuvuja, ingawa mtu hasikii maumivu yo yote. Sigareti hupandisha shinikizo la damu na kuharakisha uvujaji huo.

Macho yake yalipotazamwa kwa ndani yalikuwa na alama chache za damu, naye alikuwa bado anasoma gazeti vizuri. Hapa yafaa niseme kweli yote. Kwa wale walioanza kuugua kisukari utotoni, ushahidi kwamba moshi huongeza madhara ya macho ni wa nguvu. Kwa wale walioanza ukubwani, kama mjomba, uchunguzi haukubaliani wote. Lakini kwa upande wa figo na miguu hakuna shaka ya kumfariji mvutaji.

Nilimwambia, "Mjomba, miguu ni yako." Akajibu, "Mwanangu, nimekwisha haribika, niache na nini tena?" Wengi husema hivyo, nao hukosea. Ganzi iliyokwisha ingia haikutoka yote, hilo ni kweli. Lakini damu huanza kuondokewa na ile sumu ya moshi kwa muda wa siku moja au mbili, na figo zilizobaki nzima zina kitu cha kulindwa.

Mjomba aliacha. Jambo moja lilimshangaza: kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita kilikuwa 9.4, na baada ya kuacha kikawa 9.6. Alitaka kurudia sigareti, akidhani imemsaidia. Sivyo. Mtu akiacha kuvuta hula zaidi na kunenepa, na sukari huweza kupanda kidogo kwa muda. Mwaka wa pili, alipokwisha zoea na kupunguza chakula, kipimo kilikuwa 8.1. Kinyume chake pia chaweza kutokea: insulini ikaanza kufanya kazi vizuri kuliko zamani, na dawa ile ile ikashusha sukari mno, mtu akatetemeka na kutoka jasho. Kwa hiyo anayeacha amwarifu daktari siku ile ile, apime sukari mara nyingi zaidi katika majuma ya kwanza, wala asibadili dawa kwa akili yake mwenyewe.

Sasa nasema na ninyi wanafunzi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza Uganda nzima kumwuzia sigareti mtu aliye chini ya miaka 21, tena inakataza kuziuza moja moja. Hata hivyo watoto bado hutumwa dukani wamletee mzee "moja tu". Ukitumwa na babu mwenye kisukari, kataa kwa heshima, na badala yake umwombe avue viatu umtazame nyayo. Mtazame katikati ya vidole, na chini ya kisigino, na ukung'ute buti kabla hajavaa. Nanyi wa zamani, mkikutana na mwenzenu mwenye kisukari, msimkaribishe kwa pakiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mguu uliokatwa haujengwi tena.