Mbuzi wa Idd si mbuzi wa kaya, na hilo si tusi

Wasee wa Kwale, leo tukosane kidogo.

Idd ya kuchinja iliyopita nilikuwa nyumbani Mkongani, huku nyuma ya milima ya Shimba. Tumetoka kuswali, mbuzi ashachinjwa, sisi vijana tuko chini ya mwembe tunangoja pilau. Binamu yangu akatoa simu, akaweka picha mbili kwenye stetasi. Kushoto mbuzi wetu wa Idd. Kulia mbuzi mweusi ambaye alimpiga picha njiani mwezi wa nne, wazee wakimpeleka kaya baada ya mvua kuchelewa. Chini akaandika: "Kitu kimoja, majina mawili. Acheni unafiki."

Hazikupita dakika tano, beshte yetu mmoja wa madrasa akamjibu: "Moja ni ibada, nyingine ni kulisha mashetani." Pilau ikaletwa, tukala sinia moja, na hao wawili hawasemezani.

Mimi naona wote wawili walikosea, na kosa lao ni moja. Waliangalia mbuzi na kisu, hakuna aliyeuliza yule mbuzi alichinjwa kwa kazi gani. Ukianza na swali hilo, "kitu kimoja" inaanguka. Na "kulisha mashetani" inaanguka pia.

Chukua wa Idd kwanza, yaani udhiya. Pwani yetu wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, kwa hivyo nasema kwa kanuni zake. Udhiya ina tarehe: kuanzia baada ya swala ya Idd mwezi 10 Mfunguo Tatu mpaka jua lizame tarehe 13. Ukichinja kabla ya swala, hiyo ni nyama ya kula tu, udhiya bado. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, asiwe chongo, wala kiguru, wala mgonjwa, wala amekonda mpaka mifupa inahesabika. Mbuzi ni wa mtu mmoja, ng'ombe wanaweza kushirikiana watu saba. Ngozi haiuzwi, na mchinjaji halipwi kwa ngozi wala nyama. Mpe pesa yake mbali. Na lazima fungu la nyama limfikie maskini likiwa bichi, ajipikie anavyotaka.

Sasa angalia kitu ambacho hakipo kwenye orodha hiyo: shida. Udhiya haingoji ukame wala ugonjwa. Mvua inyeshe isinyeshe, Idd ikifika unachinja, kwa kumbukumbu ya Nabii Ibrahim na kwa kutii. Kurani yenyewe iko wazi kwamba nyama na damu havimfikii Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wa mwenye kuchinja. Ndiyo maana hakuna siku utasikia mtu akisema "udhiya yangu ya mwaka huu haikufanya kazi." Kufanya kazi gani? Haikutumwa kuleta kitu.

Njoo kwa kaya. Najua wengine wenu Nairobi mnadhani kaya ni kibanda cha mganga. Kaya ni msitu, mahali ambapo wazee wetu Wamijikenda waliishi ndani ya ngome ya miti, na ambapo makaburi yao yako mpaka leo. Ile ya Kinondo kule Diani wengi mmeitembelea: mnafungwa kaniki nyeusi, mnaambiwa msivunje hata kijiti. Iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda.

Tsawe wangu, yaani babu, ameenda kaya yetu mara nyingi. Pia haachi swala tano. Nilimuuliza mbuzi yule mweusi alikuwa wa nini. Akaniambia sadaka ya kaya haina tarehe, inaitwa na jambo: mvua imegoma, ugonjwa umeingia, au mtu ameharibu msitu. Kabla ya mbuzi kununuliwa, wazee wanakaa. Kama kuna wawili wana ugomvi, wanapatanishwa kwanza, kwa sababu ombi la watu waliokasirikiana haliendi. Halafu watu wanachanga, mbuzi anakuwa wa wote. Rangi ina maana yake. Wa mvua ni mweusi kama wingu lenye maji. Wanaomba, wanachinja, wanakula kulekule. Nyama hairudi nyumbani.

"Na mnamwomba nani, tsawe?"

"Mvua ni ya Mlungu," akanijibu. "Wale waliolala pale tunawaarifu tu. Wao ndio walioachiwa mahali."

Na mvua isipokuja? Wanarudi kukaa. Nani alikuwa na kinyongo akanyamaza? Nani alikata mti usiku? Mbuzi alikuwa na dosari? Kwa hivyo sadaka hii inaweza kushindwa, na ikishindwa inatafutiwa sababu kwa watu. Hapo ndipo tofauti na udhiya ilipo. Moja ni utii wenye kalenda, ambao kukubaliwa kwake anajua Mungu peke yake. Nyingine ni ombi la kijiji kizima kuhusu jambo fulani, na kijiji kinangoja jibu.

Binamu yangu alidanganywa na neno. Sadaka ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kile unachompa mhitaji kwa ajili ya Mungu. Huku kwetu limebebeshwa na mbuzi wa kaya pia. Neno moja, kazi mbili. Jina lisikufanye useme vitu ni kimoja. Hata kaa ni wa pwani, na kaa ni la jikoni.

Lakini sasa kuna kitu ambacho wote wawili hawakukiona, na mimi ndicho kinachonifurahisha. Kama unataka kulinganisha kaya na Uislamu kwa haki, umechukua mbuzi wasio wa jozi. Wacha udhiya. Nenda kwa mti.

Kijana mmoja wa huku kwetu alikata nguzo za nyumba ndani ya kaya. Akagunduliwa, wazee wakamtoza mbuzi. Watu wakacheka: "Mbuzi kwa sababu ya mti? Huo ni ushamba wa kimila." Haya, fungua kitabu cha fikihi ya Shafi, mlango wa Hija. Ukikata mti ndani ya Haram ya Makka, mti mkubwa fidia yake ni ng'ombe, mdogo ni mbuzi au kondoo. Ndio, mnyama kwa sababu ya mti! Mahali pametengwa, mti wake haukatwi, na anayekata anadaiwa mnyama. Hapa mfanano ni wa kweli, kwa sababu kazi ya mnyama inakaribiana: kulipia heshima ya mahali iliyovunjwa.

Inakaribiana, sijasema ni ileile. Kule Makka deni ni lako peke yako na Mola wako. Nyama inaenda kwa maskini wa Haram, wewe huli. Na unaruhusiwa kuchagua: badala ya mnyama, mthaminishe utoe chakula cha thamani hiyo, au ufunge siku kwa hesabu ya chakula hicho. Kwa yule kijana wa kwetu hakuna kuchagua kufunga, kwa sababu deni si lake tu. Wazee wanaamini mti alioukata unaweza kuzuia mvua ya shamba la jirani ambaye hata hamjui. Ndiyo maana wanaokaa kumhukumu ni kijiji, na ndiyo maana mnyama analiwa na wazee palepale msituni. Moja ni fidia ya mtu, nyingine ni kutengeneza kilichoharibikia wote.

Na hata hapo usiseme "Uislamu unasema." Imamu Malik anaona kukata mti wa Haram ni dhambi ya kutubia, lakini haina fidia ya mnyama. Kama wanazuoni wakubwa wametofautiana juu ya mti mmoja, wewe unapata wapi ujasiri wa kuweka Waislamu wote kwenye mstari mmoja? Vilevile usiseme "mila za Mijikenda" kana kwamba tsawe wangu Mdigo anaongea kwa niaba ya Wagiriama. Kila kaya ina wazee wake na taratibu zake.

Sasa beshte yangu wa madrasa, usidhani nimekusahau. Una hoja, na siifichi: kwa imani yetu, kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mungu ni shirki. Mashekhe wengi hawaridhiki na jibu la tsawe kuhusu "kuwaarifu" waliolala, wanasema hapo mlango wa hatari umefunguliwa. Huo ni mgongano wa kweli na sitaupaka sukari ili tupendane. Lakini umuulize mtu anachinja kwa ajili ya nani, umsikilize, halafu ubishane na alichosema. Wewe ulichukua Idd kama ilivyo kitabuni, ukaichukua kaya kama inavyosimuliwa barazani. Huo si ulinganisho, umepima moja kwa kilo na nyingine kwa uvumi. Nami nikitaka kukulipa, nichukue kaya ya maneno ya tsawe, halafu nichukue Idd ya wale wanaochinja fahali wapigwe picha na jirani asipate hata mfupa. Utakubali nikisema huo ndio Uislamu?

Na hili si la kushinda ubishi tu. Kwale hapa na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Uvumi unaanza kwa sentensi nyepesi kama ile ya "kulisha mashetani." Mtu haulizi tena mzee alienda msituni kuombea nini. Ashaambiwa ni shetani, na mvi ndizo ushahidi. Tsawe wangu ana mvi, anavaa kaniki siku za kaya, na anarudi peke yake magharibi. Mimi stetasi ile niliisoma nikamfikiria yeye.

Binamu, ukisema ni kitu kimoja unamnyang'anya tsawe mbuzi wake, maana wa kaya anageuka kivuli cha wa Idd. Beshte, ukisema ni shetani unaweza kumnyang'anya zaidi ya mbuzi. Mimi nataka abaki na vyote viwili kama anavyovijua mwenyewe: asubuhi ya Idd anachinja kwa tarehe, na mvua ikigoma anakaa na wenzake kuuliza nani kakosana na nani. Kama unaona havikai pamoja, sawa, tubishane. Njoo Mkongani, nitakupeleka kwake. Uliza kwanza.