Alama ya Tatu Si Tusi, Lakini Ielezwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya manung'uniko ambayo sisi watumishi wa Morogoro tumeyasikia miaka mingi, nayo ni ya mtu aliyepewa hati ya kupima kazi yake, akatazama tarakimu iliyoandikwa mwishoni, akaikunja na kutoka bila ya kuaga.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, maana wao hawakuonyeshwa kitu. Taarifa ya mwaka iliandikwa kwa siri, ikapelekwa juu, na mtumishi akajua habari zake kwa kunyimwa cheo. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilileta Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao wengi waujua kwa jina la OPRAS. Siku hizi karatasi zile zimeachwa na mambo yameingia katika kompyuta, lakini hati zenyewe zingali zimo katika majalada yetu, na uchungu wake ungali mioyoni. Tena ugomvi wenyewe haukuhama pamoja na karatasi. Kwa hiyo yafaa tuitazame ile hati, kwa kuwa twaijua sote.

Jambo la kwanza la kumweleza aliyekasirika ni maana ya tarakimu. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba mwenye nyingi ndiye aliyeshinda. Katika hati hii mambo yaligeuka: 1 ilikuwa kazi bora kabisa, 2 ni juu ya wastani, 3 ni wastani, 4 ni hafifu, na 5 ni hafifu sana. Basi mwenye 3 hakuambiwa kwamba ameshindwa; aliambiwa kwamba alifanya kazi aliyoahidi kwa kiasi cha kawaida. Lakini nani atakubali neno hilo, ikiwa ofisi nzima imepewa 1 na 2 kwa sababu msimamizi aogopa nyuso za watu? Ukarimu wa namna hiyo ndio uliofanya 3 ionekane kuwa tusi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kwamba maelezo hayaanzi katika ukurasa wa mwisho. Hati ilianza kwa mapatano ya mwezi wa Julai: malengo, shabaha za kila lengo, vigezo vya kupimia, na nyenzo ambazo mtumishi angepewa. Katikati ya mwaka wakubwa na wadogo walipaswa kukaa tena, wakatazama yaliyofanyika, na kama njia imeziba wakabadili shabaha kwa maandishi. Mwezi wa Juni mtumishi alijipa alama mwenyewe, msimamizi akatoa yake, kisha wakaafikiana juu ya alama ya tatu. Baada ya hayo zilipimwa tabia njema za kazi, kama uaminifu na mahusiano na wenzake, na wastani wa sehemu hizo mbili ndio uliokuwa alama ya jumla.

Tuchukue mfano wa afisa ugani katika milima ya Mgeta. Nautunga mimi, lakini wenye kupanda njia zile watautambua. Shabaha zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, makundi 12 ya wakulima yawe na matuta ambayo yamesimama baada ya masika. Ya pili, awatembelee wakulima 240 kwa mwaka, naye apewe petroli ya pikipiki kila mwezi. Ya tatu, alete ripoti nne, kila moja kwa siku yake. Mwisho wa mwaka alijipa 1, 2 na 1. Msimamizi wake aliandika 2, 4 na 3, ambazo wastani wake ni 3. Katika tabia njema waliafikiana 2. Wastani wa 3 na 2 ni mbili na nusu, ikaandikwa 3, na mbele yake maneno haya tu: "Ajitahidi zaidi."

Aonewa au haonewi? Tufungue kurasa za mbele.

Katika matuta, makundi yote 12 yalichimba, na ndiyo sababu yeye ajiona bora kabisa. Lakini kigezo walichoandika hakikuwa kuchimba, kilikuwa kusimama baada ya mvua, na yaliyosimama ni ya makundi 10. Hapo msimamizi ana haki, na 2 ni alama njema. Waluguru wajua vizuri tofauti ya tuta lililochimbwa na tuta lenye faida: mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ulizaa ghasia Matombo mwaka 1955, na shuruti ile ikaachwa.

Katika ziara, aliwafikia wakulima 130 badala ya 240, na kwa hesabu kavu ile 4 yaonekana sawa. Lakini petroli ilitoka miezi mitano tu kati ya kumi na miwili. Wakulima 240 kwa mwaka ni 20 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni 100. Huyu aliwafikia 130, waliozidi akawaendea kwa miguu. Ahadi iliyovunjika hapa ni ya ofisi, na ilipasa shabaha ipunguzwe katika mapitio ya katikati ya mwaka. Je, mapitio yalifanyika? Tazama wino na tarehe. Ukiona sehemu ya Desemba na sehemu ya Juni zimejazwa kwa kalamu moja na mkono uleule usiopumzika, jua kwamba watu hawakukaa pamoja Desemba. Hapa alama yapaswa kuwa 2.

Katika ripoti, zote nne zilifika, lakini mbili zilichelewa. Ile 3 ibaki, hata akilalamika.

Basi sasa tuna 2, 2 na 3, ambazo wastani wake ni kama 2.3. Ukiuchanganya na ile 2 ya tabia, jumla yashuka karibu na 2.2, nayo yasomeka 2. Mtumishi ameonewa mahali pamoja, si patatu, na msimamizi mwenye busara atambadilishia pale pamoja bila kuona haya, na palipobaki atasimama imara.

Na yale maneno "Ajitahidi zaidi" yafutwe. Hayana tendo, hayana tarehe, wala hayasemi mtu afanye nini kesho asubuhi. Heri aandikiwe hivi: "Ripoti ya Septemba na ya Machi zilichelewa wiki tatu kila moja. Mwaka ujao aanze kukusanya takwimu za vijiji wiki mbili kabla ya siku ya mwisho." Mtu aweza kuyakasirikia maneno hayo, lakini hawezi kusema hakuyaelewa.

Wasipoafikiana, hati yenyewe ilikuwa na nafasi ya maoni ya mtumishi, na nafasi ya jina la shahidi aliyekuwapo. Nimeona wengi wakiiacha nafasi ya kwanza tupu, kisha wakamwaga maoni yao yote sokoni. Hoja ya petroli ikiandikwa pale, pamoja na miezi iliyokosa, huyo aliye juu ya msimamizi ataisoma. Ya sokoni haitafika katika jalada.

Mimi,
Mtumishi Mwenzenu,
Morogoro