Lubarika isipotee kwenye muhtasari

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003 ina kurasa zaidi ya 500. Wengi huifupisha kwa hatua: kila sehemu kwanza, kisha mihtasari inaunganishwa. Mwishoni hubaki "wakimbizi waliuawa Uvira, 1996". Lubarika imefutika, pamoja na raia Wazaire ambao ripoti inasema waliuawa humo wakikimbia. Dawa ni kila muhtasari wa sehemu kubeba kijiji, tarehe, waliouawa na namba ya aya. Palipoandikwa idadi haijulikani, pabaki hivyo. Kisha jina la kijiji litafutwe kwenye muhtasari wa mwisho. Lisipoonekana, aya yake isomwe upya.