Dole Gumba Halitaji Jina

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu, aliniletea orodha za malipo ya vibarua za wiki nne. Jirani yake, mama nitakayemwita Naliaka, alikuwa ameachishwa kazi ya mjengo na kuambiwa kwamba hakuwahi kutimiza mwezi. Neno hilo si dogo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kuwa kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28.

Katika wiki mbili za kwanza niliona "Naliaka". Katika mbili za mwisho, "Nariaka". Kibarua atiaye sahihi huliandika jina lake mwenyewe, hivyo humsahihisha karani. Abonyezaye dole gumba huliacha jina mikononi mwa sikio la karani. Kikuyu hakitofautishi sauti l na r. Yamkini karani wa wiki ya tatu alikuwa mzawa wa lugha hiyo. Hata hivyo, isimu hutoa dalili tu. Kilichonithibitishia ni nambari ya kitambulisho, iliyokuwa moja katika orodha zote nne. Laiti safu hiyo ingekuwa tupu, ningaliacha majina mawili na kuandika shaka yangu kando. Kwa vyovyote, nililinakili jina kama lilivyoandikwa, kisha katika safu ya pili nikaweka jina nilichodhani ndilo.

Siku nilizihesabu kabla ya kutazama jumla ya karani, ili jumla hiyo isinivute. Wiki ya tatu ilikuwa na alama tano za vema na mkwaju mmoja, ambao kwa karani huyo ulikuwa nusu siku. Wino wa dole ulikuwa umeifunika tarakimu ya malipo: ni 3,575 au 3,515? Kwa kuwa ujira ulikuwa shilingi 650 kwa siku, siku tano na nusu ni 3,575. Hesabu ilinisaidia kusoma.

Lakini tusiitwike hesabu mzigo usio wake. Wiki ya nne ilikuwa na siku sita, yaani shilingi 3,900, ilhali iliyoandikwa waziwazi ni 3,400. Sikuirekebisha. Pengine alikuwa amekopa 500, pengine alipunjwa. Nilinakili zote mbili na kuweka alama, kwani anayesahihisha pengo hilo huufuta ushahidi. Wala dole halithibitishi kuwa tarakimu ilikuwepo lilipobonyezwa.

Iwapo ile nusu siku inakata mfululizo, hilo ni la hakimu kuamua. Langu lilikuwa kuhakikisha kwamba mbele yake atasimama mama mmoja wa wiki nne, si wawili wa wiki mbili mbili.