«Tutaishi kwa amani» haitoshi kwenye karatasi ya mapatano

Wapatanishi wetu wa tambarare ya Ruzizi wanajua kusikiliza, lakini kuandika kunawashinda. Mkulima na mfugaji wanabishana tangu asubuhi, jioni wanapeana mikono, halafu karatasi inaandikwa: «Pande mbili zimekubali kuheshimiana na kuishi kwa amani.» Picha inapigwa, watu wanarudi nyumbani. Kuheshimiana ni nini? Kila mmoja anaenda na maana yake.

Tuchukue kesi ambayo kila mkaaji wa hapa anaijua. Kiangazi kimefika, ng'ombe wanateremka kutoka milimani kutafuta majani na maji. Mahindi yamekwisha kuvunwa, lakini muhogo bado uko shambani, na ng'ombe wanaupita wakienda mtoni. Mkulima ameshika panga. Karatasi yenye faida ingesema hivi: mfugaji atapitisha ng'ombe kwenye njia iliyo kati ya mfereji na mwembe mkubwa, toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, wakichungwa na watu wazima wawili, si watoto. Mkulima naye hatalima ndani ya njia hiyo wala kukata mnyama. Akikuta ng'ombe shambani, atamwita mtu wa kamati siku ileile. Hasara itapimwa kabla ya siku mbili kupita, wakati nyayo bado zinaonekana, mbele ya wote wawili.

Mtu aahidi tu kile ambacho yeye mwenyewe anaweza kufanya. Mzee anayetia sahihi kwamba «vijana wote wataacha fujo» anaahidi miguu ya watu wengine, na vijana hao hawakuwa hata kwenye kikao.

Wazee wengine wanasema kuandika saa na njia ni kuonyesha kwamba hatuaminiani. Lakini kama kuaminiana kungekuwepo, kikao kingeitwa cha nini? Karatasi iandikwe papo hapo, isomwe kwa sauti katika luga ya kila upande, maana wengi wanatia kidole bila kujua kusoma. Kila upande ubaki na nakala yake, kamati pia.

Kinachonikasirisha zaidi ni tarehe. Wanaandika «tutaonana baada ya miezi sita», ao hawaandiki kitu. Miezi sita baadaye ng'ombe wamerudi milimani, bila shaka kila mtu atasema mambo ni mazuri! Tarehe ya kwanza iwekwe majuma mawili baada ya ng'ombe kuteremka, siku na saa vikiwa vimeandikwa, wakati njia inapitwa kila siku na hasira iko karibu. Siku hiyo kamati isome mstari kwa mstari na kuuliza: ilifanyika ao haikufanyika? Kama njia imejaa matope, waibadilishe hapo na kutia sahihi upya.

Mauaji na ubakaji visiletwe kwenye karatasi hiyo hata kidogo. Hayo ni ya tribinali.