Tanzania: Umeme wa Rufiji waongezeka, transfoma za mitaani zabeba mzigo wa jioni

Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, ina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Machi 2024, muda mfupi baada ya mtambo wa kwanza kuwashwa, Tanzania ilisimamisha uzalishaji katika baadhi ya vituo vyake vingine vya maji kwa kuwa umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Lakini wingi wa umeme kwenye gridi hautoshi kumhakikishia mwananchi mwanga jioni. Kati ya gridi na nyumba yake kuna transfoma iliyotundikwa kwenye nguzo ya mtaa, na uhai wa chombo hicho hupimwa kwa joto lililo ndani yake.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Mei 2024, serikali ya Tanzania ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Gesi ina nafasi kubwa katika mkakati huo, lakini majiko na masufuria ya umeme nayo yanahimizwa. Kila familia inayohamia huko huongeza mzigo katika saa zilezile ambazo jirani naye anapika.

Karatasi inayozeeka

Ndani ya transfoma kuna koili za shaba au alumini zilizofungwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Karatasi huzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja wa waya hadi mwingine, na mafuta huondoa joto. Mafuta yanaweza kuchujwa au kubadilishwa, lakini karatasi haibadilishwi bila kuisuka transfoma upya. Kwa hiyo umri wa karatasi ndio umri wa transfoma.

Karatasi hiyo ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyoungana. Ikiwa mpya, mnyororo mmoja huwa na viungo 1,000 hivi. Joto, unyevu na oksijeni huikata, na ikibaki na viungo 200 karatasi huhesabiwa kuwa imefika mwisho. Kinachoamua kasi ya kukatika ni kitovu cha joto, yaani sehemu ya koili yenye joto kali kuliko zote, ambayo kwa kawaida iko karibu na ncha ya juu.

Mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, unaojulikana kama IEC 60076-7, unatoa kanuni rahisi kwa karatasi ya kawaida. Kitovu kikiwa na nyuzi joto 98, saa moja ya kazi hula saa moja ya uhai. Kila nyuzi 6 zinapoongezeka, kasi ya kuzeeka huongezeka maradufu. Zikipungua nyuzi 6, kasi hushuka kwa nusu.

Mtaa mmoja, jioni mbili

Tuchukue transfoma ya kVA 100 katika mtaa wa Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 29. Mfano huu ni wa hesabu, uliotumia viwango ambavyo mwongozo huo unavitoa kwa transfoma ndogo. Mchana kutwa mzigo ni asilimia 60, na kitovu kina nyuzi 69. Katika hali hiyo karatasi karibu haizeeki.

Jioni ya kwanza, kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku, mzigo unapanda hadi asilimia 120. Koili huitikia ndani ya dakika chache, lakini mafuta, kwa wingi wake, hupanda polepole kwa saa kadhaa. Saa 4 usiku kitovu kinafika nyuzi 120 hivi. Ukijumlisha uzee wa jioni hiyo, wa usiku wakati transfoma inapoa, na wa mchana, siku nzima imekula takriban saa 20 za uhai. Transfoma imezidiwa, lakini haikupata hasara, kwa sababu saa za mzigo mdogo zimefidia saa za mzigo mkubwa.

Jioni ya pili mzigo unapanda hadi asilimia 140. Tofauti kati ya jioni hizi mbili ni sawa na majiko 20 ya kilowati moja yanayowaka kwa pamoja. Safari hii kitovu kinafika nyuzi 141, na jioni hiyo moja inakula zaidi ya saa 170. Mtaa umepika chakula cha siku moja na transfoma imezeeka kwa wiki nzima. Mzunguko huo ukirudiwa kila siku, chombo kilichotarajiwa kudumu miaka 20 kingemaliza karatasi yake katika muda usiofika miaka mitatu.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba katika jioni hiyo ya pili mafuta ya juu yana nyuzi 102 tu. Mwongozo unaruhusu hadi nyuzi 105 kwa mizunguko ya kawaida, na mzigo wa asilimia 140 wenyewe uko chini ya kikomo cha asilimia 150. Kikomo kilichovukwa ni cha kitovu, nyuzi 120, nacho hakionekani kwenye kipimajoto cha mafuta. Fyuzi pia hainusuru, kwa kuwa kazi yake kuu ni kukata hitilafu kubwa, na inaweza kuuvumilia mzigo huo kwa saa nyingi. Tena, kitovu kikipita nyuzi 140, unyevu uliomo kwenye karatasi unaweza kugeuka mapovu ya mvuke, na povu ni kizuizi dhaifu mno cha umeme.

Lawama huangukia radi

Karatasi iliyochakaa haisababishi mlipuko siku hiyohiyo. Bado inazuia umeme, ila imekuwa kavu na rahisi kuvunjika. Kisha siku moja tawi la mti linagusa nyaya, mkondo mkubwa unapita, koili zinasukumana kwa nguvu, na karatasi inapasuka. Watu husema radi au upepo umeua transfoma, ilhali iliuawa na jioni nyingi zilizotangulia.

Katika transfoma kubwa za vituo vya kupozea umeme, wahandisi huchukua sampuli ya mafuta na kupima furani, kemikali zinazotoka kwenye karatasi inayooza. Kwa transfoma za nguzoni njia nafuu zaidi ni kupima mkondo wa kila fezi saa za jioni. Kipimo cha saa 4 asubuhi hakitaonyesha tatizo. Wastani nao unaweza kuficha ukweli, kwani fezi moja inaweza kubeba asilimia 140 huku wastani wa zote tatu ukiwa 115. Hapo kuhamisha nyumba kadhaa kwenda fezi nyingine kunaweza kuokoa transfoma bila kununua mpya. Fezi zote zikiwa zimejaa, mzigo uleule wa kVA 140 ukiwekwa kwenye transfoma ya kVA 200 unakuwa asilimia 70 tu.

Hesabu hii inaihusu Burundi pia, ambayo inagawana na Tanzania na Rwanda megawati 80 za maporomoko ya Rusumo. Umeme mpya unapoingia kwenye gridi, familia hununua pasi, majokofu na majiko, lakini transfoma ya mtaa hubaki ileile. Megawati hutangazwa siku ya uzinduzi. Mkondo wa kila fezi hauna budi kupimwa jioni, wakati vyungu viko motoni.