Ejenti Akikuambia "Floti Imeisha", Hajafilisika

Wasee, juzi jioni nilikuwa nimesimama kwa foleni ya M-Pesa hapa stejini Kayole. Mbele yangu kulikuwa na kijana wa boda amebeba elfu nne za siku nzima, anataka kuweka kabla aende nyumbani. Dada wa duka akamwambia, "Pole bro, floti imeisha, ningoje kidogo." Jamaa akawaka. Akauliza kwa sauti, "Sasa unafungua duka ya pesa na hauna pesa?" Watu wakacheka. Na mbele ya macho yetu wote droo ilikuwa imejaa noti mpaka haifungiki.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika hii kitu. Yule dada alikuwa na pesa, na pengine siku hiyo alikuwa na pesa kuliko sisi wote pale. Shida ni kwamba ilikuwa upande usiofaa.

Najua kwa sababu nilikaa kwa kaunta ya shangazi yangu miezi minne nikisubiri matokeo ya Fomu Foo. Nilidhani ni kazi rahisi, mtu analeta hela, unabonyeza simu, anaondoka. Siku ya kwanza shangazi aliniambia sentensi moja tu: "Pesa yetu ni moja, lakini inalala vitanda viwili."

Alimaanisha hivi. Ejenti anaanza na mtaji, tuseme 120,000. Nusu yake ni noti ndani ya droo, hiyo ndiyo keshi. Nusu nyingine iko ndani ya simu ya duka, hiyo ndiyo floti. Ukija kuweka 1,000, noti yako inaingia kwa droo, na 1,000 inatoka kwa floti yake kuja kwa simu yako. Ukija kutoa 1,000, inakuwa kinyume: floti yake inapanda, droo inapungua. Ile ada unayokatwa ukitoa haiingii kwa floti ya duka. Ejenti analipwa komisheni yake kando. Kwa hivyo ukijumlisha keshi na floti saa yoyote ya siku, lazima upate 120,000. Ukipata 119,500, kuna mtu amepewa noti ya 1,000 badala ya 500, na mara nyingi mtu huyo hatarudi kukuambia.

Sasa elewa hapo. Jumla haibadiliki, lakini pande mbili zinasukumana mchana kutwa. Watu kumi wakitoa mfululizo, droo inakauka na simu inafurika. Watu kumi wakiweka, simu inakauka na droo inafurika. Kwa vyote viwili duka limekwama nusu, na ile nusu iliyokwama haileti komisheni hata ya shilingi.

Wiki yangu ya pili nililifanya kosa ambalo sijalisahau. Saa mbili asubuhi jamaa amevaa suti akaja kutoa 45,000. Tulikuwa na keshi 48,000. Mimi nikajiona mkubwa, nikamhesabia noti zote kama cashier wa benki, nikabaki na 3,000. Baada ya dakika ishirini akaja mama wa mboga, mteja wetu wa kila siku, anataka 3,500 aende sokoni. Sikuwa nayo. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kufika saa tano nilikuwa nimewarudisha watu kumi na mmoja, nikiwa na simu iliyojaa floti ambayo hakuna mtu aliihitaji saa hiyo. Nilihudumia mtu mmoja nikawapoteza kumi na mmoja, na yule wa suti alikuwa mpita njia tu. Simu ya mteja inaruhusu hadi 250,000 kwa mpigo mmoja, lakini duka la mtaani lenye mtaji wa 120,000 haliwezi kuishi kana kwamba ni tawi la benki.

Shangazi hakunifokea. Alinikalisha Ijumaa iliyofuata nimtazame siku nzima. Hiyo siku ndiyo nataka kuwasimulia, kwa sababu hapo ndipo akili ya hii kazi inaonekana.

Alifungua saa kumi na mbili unusu, keshi 70,000, floti 50,000. Hakugawa nusu kwa nusu, na alikuwa na sababu. Duka letu liko mtaani watu wanapolala. Asubuhi watu wanatoa: nauli, pesa ya kununua stoki, pesa ya watoto shule. Jioni watu wanaweka: makanga, boda, mama mboga, wote hawataki kutembea na mauzo usiku. Kwa hivyo asubuhi duka linakula keshi, jioni linakula floti. Ejenti aliye karibu na soko anaweza kuwa na mawimbi tofauti kabisa. Kila duka lina yake, na huyajui mpaka uandike kwa daftari wiki kadhaa.

Kufika saa nne unusu watu walikuwa wametoa 48,000 na kuweka 8,000. Keshi ikawa 30,000, floti 90,000. Hapo akaja mwalimu mmoja wa mtaa, anataka kutoa 28,000. Mimi ningempa. Shangazi akamwambia, "Mwalimu, nipe heshima kidogo. Toa 10,000 sasa, hiyo 18,000 njoo saa sita nitakuwa nayo." Mwalimu akakubali. Keshi 20,000, floti 100,000.

Nilidhani sasa atatuma mtu benki. Benki inawezekana: unahamisha floti, unapewa noti, au unapeleka noti, floti inaingia kwa simu ya duka. Lakini benki ina gharama. Nauli ya kwenda na kurudi, foleni, duka kubaki na mtu mmoja, na ule woga wa kutembea na bahasha ukijua kuna macho yanakufuata. Benki ni njia ya mwisho.

Shangazi alichukua simu akampigia mwenye buchari, maduka manne kutoka kwetu. "Baba, umeuza ngapi mpaka sasa? Niletee mapema leo, usingoje jioni." Yule mzee hulipa wauzaji wake wa nyama kwa simu, kwa hivyo anahitaji pesa yake iwe kwa simu. Alikuja na 35,000 akaweka. Kuweka hakumkati kitu. Sisi tukapata keshi 55,000, floti ikashuka hadi 65,000. Saa sita mwalimu akarudi akachukua 18,000 yake. Keshi 37,000, floti 83,000. Hakuna aliyeenda benki, hakuna aliyerudishwa, na duka likapata komisheni ya shughuli zote hizo.

Hapo ndipo nilielewa. Ejenti mzuri anajua nani mtaani ana noti asizozitaka, na nani anazitafuta, kisha anawakutanisha kwa kaunta yake kwa saa inayofaa. Mwenye buchari angekuja jioni kama kawaida, angekula floti wakati ule ule makanga na boda wanaihitaji. Kwa kumleta mchana, shangazi alitatua shida mbili kwa simu moja.

Mchana ulikuwa baridi, watu wakatoa 12,000, wakaweka 9,000. Kuanzia saa kumi na moja jioni foleni ikaanza. Hadi saa tatu usiku watu walikuwa wameweka 80,000 na kutoa 15,000. Tulifunga na keshi 99,000 na floti 21,000. Jumlisha: 120,000. Na tazama, kama mchana tungekuwa na floti 50,000 tu, ingeisha katikati ya foleni ya jioni, na mtu wa boda angetupigia kelele vile vile kama juzi. Ile 99,000 ya usiku ndiyo keshi ya Jumamosi asubuhi, watu wakianza kutoa, floti inajijaza yenyewe. Kazi inayobaki ni kufikiria Jumapili, kwa sababu benki imefungwa na huwezi kununua floti huko hata ukiwa na gunia la noti.

Sasa maoni yangu, na mtanisamehe. Sisi wateja tunalaumu vibaya. Mtu akikuomba utoe nusu sasa na nusu baadaye, hakunyimi. Anakuwekea wewe na wale kumi nyuma yako. Na tafadhali, uliza "keshi iko?" kabla ya kutoa kwa simu. Ukishabonyeza, pesa imeingia kwa floti yake, ada imeshakatwa, na kama droo ni tupu mtaanza kugombana bure wakati hakuna aliyeiba.

Lakini ejenti pia si malaika. Kuna wale wanasema "sina keshi" ukitaka 200, kwa sababu komisheni ya 200 ni kidogo, halafu anayekuja nyuma yako na 5,000 anahudumiwa. Hiyo ni tabia mbaya na watu wanaiona. Kuna pia wale wanaotoa pesa ya duka kulipa chama au karo wakisema watarudisha kesho. Mtaji wa 120,000 unakuwa 95,000 kimya kimya, na kuanzia hapo "floti imeisha" inakuwa wimbo wa kila siku. Ukitaka kumjua, angalia saa. Ejenti anayekwama saa mbili usiku mwisho wa mwezi amezidiwa na foleni. Ejenti anayekwama kila siku saa nne asubuhi, mtaji wake umeliwa.

Yule kijana wa boda wa juzi? Dada alimwambia angoje. Dakika tano hivi zikapita, mama mmoja akaja kutoa 6,000. Floti ikapanda 6,000, dada akamwita jamaa, akamwekea elfu nne zake. Pesa aliyokuwa akiitafuta ililetwa na mtu aliyekuwa nyuma yake kwa foleni.

Alipokea meseji, akaisoma, akawasha pikipiki bila kusema asante. Next time, bro, ngoja tu kidogo.